KARATASI YA KUMWAGA: NJIA YA KUPIMA ULICHOKIHIFADHI KABLA HUJAULIZWA



Mwaka huu nimeombwa niandike kuhusu kusoma, na nimeona nisiandike juu ya kusoma kwa ujumla, kwani hayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi. Nitaandika juu ya kitu kimoja tu, nacho ni karatasi moja ambayo mwanafunzi huitengeneza kutokana na madaftari yake ya darasa. Karatasi hiyo ina maneno machache, pengine saba au manane, na kila neno kazi yake ni kumfungulia mlango mwenye karatasi ili amwage yote anayoyajua bila kulitazama daftari. Darasani kwetu tumezoea kuiita karatasi ya kumwaga, kwa sababu anayeitumia humwaga kilichomo kichwani kama mtu anayemimina gunia sakafuni ili aone ndani mna nini.

Kwa muda wa miaka kadhaa niliyofundisha fiqhi hapa Songea nimekuwa nikiona jambo lile lile. Mwanafunzi anakuja na daftari safi, vichwa vya habari vimepigiwa mstari, naye anasema, "Ustadh, hili somo nimelisoma mara nne." Namwambia alifunge daftari anieleze. Anaanza vizuri, sentensi ya kwanza na ya pili, halafu anasimama na kutazama dari. Si mvivu huyo. Kusoma amesoma kweli. Tatizo ni kwamba amezoea kuyaona maneno mbele ya macho yake, na kila akiyaona anajihisi anayafahamu. Kulitambua jambo ukiliona na kulitoa kichwani bila kuliona ni kazi mbili tofauti, na mtihani, au mtu anayekuuliza mas'ala msikitini, hukutaka kazi ya pili.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi. Kundi moja lilisoma habari fupi katika vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu vilivyobaki likawa linaandika kwenye karatasi tupu kila linalokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nne walikuwa mbele: walikumbuka sehemu 83 kati ya 100, na wenzao 71. Lakini walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara nne walibaki na 40, na waliokuwa wakiandika kwa kukumbuka walibaki na 61. Hapa pana siri ya yule mwanafunzi wa mara nne. Usiku ule anaposoma, kweli anajua. Wiki ikipita, hana.

NAMNA YA KUITENGENEZA

Ili tusizungumze hewani, tuchukue somo moja ambalo wengi wenu mmelisoma, nalo ni zaka ya mazao kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi. Nimelichagua kwa sababu mkoa wetu wa Ruvuma ni mkoa wa mahindi, na wengi wenu mna baba au mjomba mwenye shamba, kwa hiyo somo hili mtaulizwa nyumbani kabla ya kuulizwa na mwalimu.

Maelezo ya darasa hilo hujaza takriban kurasa mbili za daftari. Kazi ya kwanza ni kuyasahihisha. Linganisha daftari lako na kitabu au na la mwenzako, au muulize mwalimu pale ulipoandika haraka. Msifanye mchezo na hatua hii, kwa sababu karatasi ya kumwaga hukaza kichwani chochote utakachoirudishia. Kama daftari lina kosa, kosa hilo nalo litakazwa.

Kazi ya pili ni kuzigawa zile kurasa mbili katika mafungu, na kuhesabu kila fungu lina hoja ngapi. Hoja ni jambo moja ambalo mtu anaweza kulisema sawa au kulikosea. Somo letu linatoa mafungu saba.

Fungu la kwanza ni mazao gani yanayotolewa zaka: yawe chakula tegemeo cha watu, na yawe yanawekeka bila kuharibika. Kwa hiyo mahindi, mpunga na maharage yamo, wakati kahawa, korosho na mboga hazimo katika zaka ya mazao. Hizo ni hoja tatu. Fungu la pili ni kiwango kinachowajibisha zaka, yaani nisabu. Mudi moja ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyounganishwa, pishi ya sheria, yaani swaa, ni mudi 4, wasaki moja ni swaa 60, na nisabu ni wasaki 5, yaani swaa 300. Wanazuoni wengi wa zama hizi huikadiria kuwa kilo 653 hivi. Hapo pana hoja tano. Fungu la tatu ni sehemu inayotolewa: moja ya kumi kwa shamba linalonyweshwa na mvua, nusu yake, yaani moja ya ishirini, kwa shamba linalomwagiliwa kwa taabu au gharama, na robo tatu ya moja ya kumi kwa lililonyweshwa nusu kwa nusu. Hoja tatu.

Fungu la nne ni gharama za kilimo: hazitolewi kwanza kabla ya kupiga hesabu ya zaka, wala gharama isiyokuwa ya maji haibadilishi ile sehemu ya kumi. Hoja mbili. Fungu la tano ni wakati: zaka huwajibika punje zinapokomaa na kuwa ngumu, nayo hutolewa baada ya mazao kukaushwa na kusafishwa. Hoja mbili. Fungu la sita ni kwamba hapasubiriwi mwaka kama katika fedha, na mazao yakishatolewa zaka kisha yakawekwa kwa chakula hayatolewi tena mwaka unaofuata. Hoja mbili. Fungu la saba ni kuchanganya: mahindi na maharage hayajumlishwi ili kutimiza nisabu hata kama yametoka shamba moja, lakini mahindi ya aina mbili hujumlishwa kwa kuwa ni jinsi moja. Hoja mbili. Jumla yake ni hoja 19.

Kazi ya tatu ndiyo kiini cha makala hii, nayo ni kuchagua neno moja kwa kila fungu. Hapa wengi huharibu. Mwanafunzi akifika fungu la tatu huandika "mvua moja ya kumi, umwagiliaji moja ya ishirini." Huyo hakuandika neno la kuamsha, ameandika jibu lenyewe. Akiitazama karatasi yake atasoma, hatakumbuka. Mwingine huandika "kiasi". Neno hilo nalo halifai, kwa sababu nisabu ni kiasi na sehemu inayotolewa ni kiasi, basi mlango mmoja unafungua vyumba viwili, na mwenye karatasi huingia kimoja akasahau kingine.

Neno zuri lina alama mbili, na zote mbili mnaweza kuzipima. Kwanza, mpe mwenzako ambaye hakuhudhuria darasa hilo. Akilisoma neno akaweza kukisia jibu, neno hilo limesema mno. Pili, jiulize wewe uliyehudhuria: je, neno hili linanipeleka moja kwa moja kwenye fungu hili na si jingine? Kama hapana, neno ni dhaifu. Kwa somo letu mimi huandika hivi:

1. Ghala (3)
2. Viganja (5)
3. Maji (3)
4. Mbolea (2)
5. Punje (2)
6. Mwaka (2)
7. Shamba moja (2)

Tazameni neno "Mbolea". Katika maelezo ya darasa neno lililotumika ni gharama. Lakini mkulima wa Songea akisema gharama, kwanza anafikiria mifuko ya mbolea, kwa hiyo neno hilo humwamsha mwanafunzi wetu haraka zaidi. Mwanafunzi wa pwani huenda akachagua neno jingine, na afanye hivyo. Ndiyo maana nawakataza kunakiliana karatasi hizi kama mnavyonakiliana madesa. Neno huamsha kwa sababu wewe mwenyewe ulilifunga kwenye maana fulani siku ulipolichagua. La mwenzako limefungwa kwenye kichwa chake.

Ile tarakimu iliyo kwenye mabano ni ndogo lakini ina faida kubwa. Bila hiyo, mwanafunzi huandika hoja mbili za maji, akaridhika, akaendelea mbele. Tarakimu 3 inamwambia kwamba bado moja, na anapojilazimisha kuitafuta ndipo kumbukumbu inapofanya kazi.

NAMNA YA KUITUMIA

Usiitumie karatasi saa ile ile ulipoitengeneza, kwa kuwa maelezo bado yako mbele ya macho. Ilaze mpaka kesho yake. Kisha chukua karatasi nyingine tupu, funga daftari na uliweke mbali na mkono, weka saa dakika 15, na uanze kumwaga. Andika kwa sentensi kamili pale unapoweza, kwa sababu neno moja moja huficha kutojua. Mwandiko usikushughulishe, wala mpangilio. Ukikwama kwenye neno, liache nafasi uende la pili, halafu urudi. La muhimu ni kutolifungua daftari hata mara moja. Ukichungulia kidogo tu, ile hoja umeisoma, hukuikumbuka, na hutajua tena kama ulikuwa nayo.

Muda ukiisha, fungua daftari na chukua kalamu ya rangi nyingine. Hoja iliyo sahihi itie alama ya vema. Iliyokosekana iandike pale ilipotakiwa kuwa kwa ile kalamu ya pili. Iliyokosewa ikate na uandike sahihi yake pembeni. Msizichanganye hizi mbili za mwisho. Hoja iliyokosekana ni shimo, na mwenye nayo akiulizwa atasema sijui. Hoja iliyokosewa ni hatari zaidi, kwani mwenye nayo atajibu kwa uhakika.

Kijana mmoja wa darasa la juu aliniletea karatasi yake ya kwanza ya somo hili. Katika hoja 19 alikuwa na 10 sahihi, 7 zilikosekana na 2 zilikosewa. Akahuzunika, kwani alidhani anazo zote. Nikamwambia asiitazame ile 10, atazame zile 2. Ya kwanza, aliandika kwamba bustani inayomwagiliwa kwa ndoo kutoka mtoni hutolewa moja ya kumi kwa kuwa maji ya mto ni ya bure. Alisahau kwamba kinachotazamwa ni taabu ya kuyafikisha maji shambani, si bei yake. Ya pili, chini ya neno "Mbolea" aliandika kwamba mkulima huondoa kwanza gharama ya mbolea, kisha hutoa zaka katika kinachobaki.

Siku iliyofuata alirudia karatasi ile ile, na safari hii alianza na neno la 7 akapanda juu. Hilo nalo nawasisitizia, kwa sababu mtu akirudia daima kutoka 1 hadi 7, kila fungu huanza kuamshwa na lililotangulia badala ya kuamshwa na neno lake, na akiulizwa la katikati peke yake hukwama. Alipata 15, na hakukuwa na iliyokosewa. Akapumzika siku tatu. Mara ya tatu nilimwambia afute maneno matatu, abaki na "Viganja", "Maji", "Mbolea" na "Shamba moja" tu, lakini amwage mafungu yote saba. Akatoa 18. Baada ya wiki nyingine alimwaga kwa kuona kichwa cha somo peke yake. Karatasi ilikuwa imemaliza kazi yake, na ndivyo inavyotakiwa. Ni kama mti wa kuegemeza mche, unaondolewa mche ukisimama.

Msimu wa mavuno ulipofika, mzee mmoja, baba mdogo wa kijana yule, alimwita barazani akamwambia, "Mwanangu, wewe unasoma chuoni. Nimevuna magunia 14 ya mahindi ya kilo 100, na maharage magunia 5. Maji ni ya mvua tu. Ila mbolea imenila, ukiigeuza mahindi ni magunia 4 mazima. Nitoe nini?" Kijana akamjibu, "Shikamoo baba, ngoja nihesabu." Mahindi ni kilo 1,400, yamepita kilo 653, basi zaka ipo, na kwa kuwa ni shamba la mvua hutolewa moja ya kumi, yaani kilo 140, gunia moja na kilo 40 juu yake. Maharage ni kilo 500, hayakufika, wala hayajumlishwi na mahindi, basi hayana zaka. Na mbolea haitolewi. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akamtuma mtu akalete mizani.

Hebu ipimeni ile hoja iliyokosewa katika karatasi ya kwanza. Kama kijana angebaki nayo, angeondoa magunia 4, akabakisha 10, akamwambia mzee atoe gunia moja. Kilo 40 za mafakiri zingebaki ghalani kwa mzee mwenye nia njema, kwa fatwa ya kijana mwenye daftari safi. Daftari lake lilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Kilichokuwa na kosa ni kichwa chake, na bila kumwaga lisingeonekana.

MAHALI AMBAPO HAIFAI

Karatasi hii si dawa ya kila kitu. Haifai kwa kuhifadhi Qur'an wala matini nyingine inayotakiwa herufi kwa herufi, kwa kuwa inamruhusu mwanafunzi kusema maana kwa maneno yake, na katika Qur'an hakuna ruhusa hiyo. Huko njia ni kusoma mbele ya mwalimu kama mlivyozoea.

Pia haitoshi kwa hesabu peke yake. Mtu anaweza kumwaga hoja zote 19 na bado akashindwa kugawa kwa ishirini. Kwa masomo ya namna hii, nyuma ya karatasi andikeni maswali matatu ya mfano wa lile la yule mzee, mbadilishe idadi ya magunia na aina ya maji kila mnaporudia. Hali kadhalika somo la mirathi: maneno yatakukumbusha warithi na mafungu yao, lakini kugawa mali ni lazima ufanye kwa kalamu.

Na haifai kwa somo ambalo hukulielewa. Wale waliosoma Safinatun-Najah wanajua kwamba maneno ya matini ni machache sana, na yanafunguka kwa sababu mwalimu ameyasherehesha. Karatasi ya kumwaga ni hivyo hivyo. Neno "Viganja" kwa aliyehudhuria darasa ni hoja tano, na kwa asiyehudhuria ni viganja tu. Ukiona kwamba fungu moja linakupa sifuri mara mbili mfululizo, usibadilishe neno mara ya tatu. Acha karatasi, rudi kwa mwalimu, umwambie akufundishe upya fungu hilo.

Kwa anayetaka kuanza, achukue somo moja tu la wiki hii, si daftari zima. Kurasa mbili, maneno saba, tarakimu kwenye mabano, karatasi tupu na dakika 15. Karatasi zilizokwisha kusahihishwa zitieni tarehe mziweke pamoja, maana ukizipanga tatu za somo moja utaona rangi ya pili ikipungua kutoka ya kwanza hadi ya tatu. Kama haipungui, niletee tuitazame pamoja baada ya swala ya alasiri.

Wabillahi tawfiiq.